Nyuki, samaki au kuku kwa kiwanja kidogo?

"Nina kiwanja cha mita 20 kwa 30 Kibaha, majirani wamenizunguka, maji ni ya bomba. Nianze na nyuki, samaki au kuku?"

Ndugu, nyuki waondoe kabisa hapo. Nyuki wetu wanaouma ni wakali, na mzinga unatakiwa ukae mamia ya mita kutoka kwenye nyumba na mifugo. Bwawa la sato linawezekana, ila maji yakichafuka lazima ubadilishe sehemu yake, na bili ya bomba itakula faida.

Anza na kuku chotara, vifaranga 50 tu. Wengi huwapoteza wiki ya kwanza, kwa baridi. Tengeneza bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, iwe ya duara isiyo na kona, tandaza maranda makavu, washa joto kabla hawajafika. Kisha watazame: wakirundikana kwenye chanzo cha joto wana baridi, wakikimbilia pembeni huku wakihema joto limezidi, wakisambaa sawasawa umepatia. Wakirundikana usiku, wa chini hufa kwa kukosa hewa.

Chanjo ya kideri huanza siku ya 7, gumboro siku ya 14, zote zirudiwe. Ibebe kwenye barafu, na maji ya kuichanganyia yasiwe na klorini. Maji ya bomba yanaweza kuiua. Usichanje kuku wanaoumwa. Wakianza kufa kwa mkupuo, mpelekee daktari wa mifugo mzoga mbichi kabla hujanunua dawa yoyote dukani.