Laivu ya mashindano ya mashua: usiishie kwenye namba ya kilele

Kila laivu ikiisha hapa Lamu swali la kwanza ni "mlifika wangapi?", na jibu linalotolewa ni ile Peak concurrent viewers ya YouTube Studio, yaani watu wengi zaidi waliokuwa ndani kwa wakati mmoja. Hata wadhamini wanauliza hiyo hiyo. Mimi narusha mashindano ya mashua, maulidi na harusi, na nasema wazi kabisa kuwa hiyo namba peke yake haikwambii laivu ilikwendaje, maana ni kipimo cha dakika moja tu.

Tuchukue mfano wa laivu ya mashua ya saa mbili, yaani dakika 120. Kilele ni watu 640. Sasa tafuta wastani: chukua dakika zote zilizotazamwa wakati wa laivu ugawanye kwa urefu wa laivu. Zikiwa dakika 21,600 ukigawanya kwa 120 unapata 180. Kumbe muda mwingi walikuwa kama 180, na wale 640 walikuja mashua zilipolizunguka boya la mwisho na linki ikasambazwa kwenye magrupu ya Watsapu, kila mtu anataka kuona mashua ya mtaa wao imeshika namba ngapi. Si vibaya, lakini angalia grafu baada ya kilele. Ikishuka ghafla mpaka 200 ndani ya dakika tano basi walikuja kuona mshindi wakaondoka, na hapo ndipo mtangazaji anatakiwa amlete nahodha mbele ya kamera hapo hapo, si baada ya robo saa ya hotuba za shukrani.

Chati nayo watu wanaihesabu vibaya. Wanajumlisha meseji zote wanafurahi, wakati watu wakiongezeka meseji lazima ziongezeke. Chukua meseji za dakika moja uzigawanye kwa watu waliokuwepo dakika hiyo. Kwenye mfano wetu mashua zinaondoka dakika ya 14, watu 150, meseji 12 kwa dakika, hiyo ni 8 kwa kila watu 100. Kwenye kilele meseji 24 kwa watu 640, hazifiki hata 4 kwa watu 100. Yaani wale wa mwanzoni ndio waliokuwa wamechangamka zaidi, ndio mashabiki wenyewe, wengine wako Mombasa, wengine Maskati, na ndio utakaowakuta tena laivu ijayo.

Lakini soma meseji zenyewe jamani, usitazame hesabu tu. Dakika ya 35 meseji zinapanda mpaka 30 kwa watu 170, ukitazama grafu utasema mambo moto kumbe ni "sauti hamna", "mbona imeganda", "upepo tu ndio tunasikia". Maiki haina sponji na upepo wa kusi unaijaza yote. Halafu kumbuka chati inachelewa, mtu anaona tukio sekunde kadhaa baada ya kutokea na bado hajaandika, kwa hiyo ukitafuta kilichowachangamsha rudi nyuma kidogo, usiangalie pale pale meseji zilipopanda.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni marudio, kwa sababu anayetazama kesho yake hana presha ya kujua nani atashinda, akichoka anafunga. Ila usichanganye: kwenye takwimu za YouTube tenganisha waliotazama laivu na waliotazama baadaye, maana aliyeingia laivu dakika ya 90 hakuruka mwanzo kwa kuchoka, alichelewa tu. Ukibaki na wa marudio peke yao utaona kitu kinachoumiza: grafu inaporomoka ndani ya dakika mbili za mwanzo. Kwa nini? Kwa sababu kwenye mfano wetu dakika 14 za kwanza ni bango la "tunaanza hivi punde" na watu wanapanga matanga. Wa laivu walivumilia maana walikuwa wanapiga soga kwenye chati, wa marudio hana wa kupiga naye soga.

Dawa yake ni ndogo. Subiri video imalize kuchakatwa, ingia Editor, bonyeza Trim & cut, kata mpaka sekunde chache kabla mashua hazijaondoka. Linki inabaki ile ile, na watazamaji waliohesabiwa hawapotei. Grafu ya zamani usiilinganishe dakika kwa dakika na mpya maana video imefupika, linganisha sehemu zenyewe: kuondoka, boya la mwisho, kumaliza. Ukiona sasa watu wanafika boya la mwisho lakini wanatoka kwenye hotuba, basi kata na hotuba, uzirushe kama video yake peke yake kwa wanaozitaka.

Na mdhamini akiuliza "mlifika wangapi" mpe kilele na wastani pamoja, na picha ya grafu ya marudio ikionyesha tangazo lake lilipita dakika gani na wangapi walikuwa bado wanatazama.