Kamera za duka na paswedi ya kiwandani: yaliyonikuta Nyegezi

Steshenari yangu iko Nyegezi na wateja wengi ni wanafunzi wa SAUT, sasa msimu wa risachi intaneti ikaanza kuburuta, mtu anasubiri faili lifunguke mpaka anahamia duka la jirani. Nikahisi ni mtandao tu. Siku moja nimefunga mlango, kompyuta zote nimezima, naona taa ya waya wa mtandao nyuma ya DVR, ile mashine ya kurekodi kamera, inapepesa kama imechanganyikiwa. Nikachomoa ule waya, spidi ikarudi palepale.

Nikaizima DVR nikaiwasha, ikatulia kama robo saa hivi, kisha ikaanza tena. Hiyo ndo tabia ya virusi vya aina ya Mirai, kile cha 2016 kilichokuwa na orodha ya yuza na paswedi kama 60 za kiwandani: kinakaa kwenye memori tu, ukizima kinafutika, ila paswedi ikiwa ileile kinarudi. Na yangu ilikuwa admin na 123456, fundi aliiacha hivyo, tena kwenye ruta alifungua Port Forwarding, njia ya kuifikia DVR kutoka nje, ili nione kamera kwenye simu. Yaani mlango wazi na ufunguo juu yake.

Mpangilio muhimu ni huu: waya uchomoe kwanza. Nikairudisha DVR kwenye hali ya kiwandani, nikabadili paswedi kwa mausi na skrini yake yenyewe, nikafuta ile Port Forwarding, nikazima na UPnP ya ruta maana nayo inafungua milango kimyakimya, ndo nikachomeka.

Kutenganisha DVR na kompyuta za kazi sasa ndo nilipochemka. Nikawasha Guest Network, mtandao wa wageni wa ruta, nikajua nimemaliza, tivii ikahamia huko vizuri, kumbe Guest kwenye ruta nyingi ni ya waifai tu, DVR ya waya ikabaki chumba kimoja na kompyuta zenye kazi za watu! Nikatoa ruta ya zamani kabatini. Wengi wanaiweka kamera nyuma ya ruta ya pili, hapo umekosea, kwa sababu kifaa cha ndani kinaruhusiwa kutoka nje na "nje" yake ni mtandao wako. Mi nikageuza, DVR na tivii zikabaki ruta ya kwanza (192.168.1.x), waya ukatoka hapo hadi tundu la WAN, lile la kupokea intaneti, la ruta ya pili (192.168.2.x), kompyuta na printa zikakaa huko.

Kujua kama imekubali, shika waifai ya ruta ya kwanza na simu, andika anwani ya printa kwenye brauza, kwangu ni 192.168.2.20. Ikizunguka weee bila kufunguka, safi. Ukihamia waifai ya pili ifunguke. Kero iliyobaki ni kurusha video toka kompyuta kwenda kwenye tivii, haizioni tena, kwa hiyo nachomeka flashi.