Umenunua kabla ya daftari kufungwa, na gawio hukupata

Ukianza kukaa kwenye meza ya hisa hapa Mombasa, swali hili utalisikia kila msimu wa magawio: "Mimi nilinunua Alhamisi, daftari limefungwa Ijumaa, mbona pesa hazikuingia?" Mteja hajadhulumiwa. Alisoma tarehe moja akaiacha nyingine.

Tangazo la kampuni hutaja siku ya kufunga daftari, yaani siku wanayotazama nani ni mwanahisa. Lakini hisa uliyonunua leo haiingii leo kwenye akaunti yako ya CDS, ambamo hisa zako huhifadhiwa. Katika Soko la Hisa la Nairobi, biashara hukamilika siku ya tatu ya kazi baada ya kununua. Kwa hivyo daftari likifungwa Ijumaa, hesabu kurudi nyuma. Aliyenunua Jumanne, hisa zake zinaingia Ijumaa, naye yumo. Aliyenunua Jumatano anahesabu Alhamisi, Ijumaa, kisha Jumatatu. Huyo amechelewa. Basi Jumatano ndiyo siku hisa inapoanza kuuzwa bila gawio, ingawa daftari bado li wazi siku mbili mbele.

Hesabu ni za siku za kazi. Idi-ul-Fitri ikiangukia katikati, kila kitu kinasogea nyuma, na ndipo wengi huponyokwa. Mimi huandika tarehe kwenye karatasi, nikakata Jumamosi, Jumapili na sikukuu, kabla ya kumjibu mteja. Usimjibu kwa kichwa.

Upande wa muuzaji huwachanganya watu zaidi. Aliyeuza Jumatano hiyo hiyo bado gawio ni lake, kwa sababu Ijumaa jioni jina lililo kwenye daftari ni lake. Kwa hivyo akija amebadilisha mawazo, anataka kuuza na gawio analitaka, mwambie asubiri Jumatano tu. Hana haja ya kungoja mpaka malipo yaingie, ambayo huenda yakachukua wiki kadhaa.

Sasa bei. Tuseme hisa ilifunga Jumanne kwa shilingi 50, na gawio ni shilingi 4. Anayenunua Jumanne anapata hisa pamoja na haki ya shilingi 4. Anayenunua Jumatano anapata hisa peke yake. Mnazi uliokwisha kuanguliwa hauuzwi bei ya mnazi wenye nazi zake. Shilingi hizo 4 zinatoka kwenye mfuko wa kampuni, na kampuni iliyotoa pesa ina thamani pungufu kwa kiasi hicho. Kwa hivyo Jumatano tarajia bei karibu na 46.

Hapo ndipo ujanja wa kununua Jumanne na kuuza Jumatano unapovunjika. Chukua hisa 1,000. Umelipa 50,000, umeuza kwa 46,000, umepungukiwa 4,000. Gawio ni 4,000, lakini mkaazi wa Kenya hukatwa kodi ya 5% kabla ya kulipwa, kwa hivyo mkononi zinafika 3,800. Ongeza ada za wakala na tozo zake. Zikiwa 2% kila upande, ni 1,000 wakati wa kununua na 920 wakati wa kuuza. Jumla umepoteza shilingi 2,120, na bado unangojea gawio lije. Mteja akikuletea mpango huu, mfanyie hesabu hii mbele yake, polepole. Huwa hawaulizi tena.

Nimesema "karibu na 46" kwa makusudi. Siku hiyo hiyo soko lote linaweza kupanda au kushuka, au habari nyingine ya kampuni ikatoka. Kodi nayo ina mkono wake: mnunuzi anayejua atabakiwa na 3.80 hakubali kulipia 4 nzima. Tena kuna hisa za Nairobi ambazo hupita siku bila kuuzwa hata moja. Hizo utaona bei imeganda pale pale 50, ukadhani gawio limetoka bure. Tazama kwanza idadi ya hisa zilizouzwa. Ikiwa ni sifuri, ile 50 ni bei ya jana tu, na pengo litaonekana atakapopatikana mnunuzi.

Jambo la mwisho ni oda zinazobaki wazi. Mteja aliyeweka oda ya kununua kwa 49 wiki iliyopita aliipangia hisa yenye gawio. Jumatano asubuhi wauzaji wanashusha bei, wanaikuta 49 yake imesimama pale, wanamuuzia kwa furaha. Mpigie simu Jumanne, kabla soko halijafungwa, umuulize kama aishushe hadi 45 au aifute.