Hakukohoa, lakini maji yamepita njia ya hewa

Mzee kapata kiharusi usiku, mkono na mguu wa kulia umelegea. Siku ya pili yuko macho, basi nyumbani wanamwegemeza kwenye mto na kumnywesha maji kwa kijiko. Hapaliwi, hakohoi, kila mtu amefurahi. Siku ya nne homa imepanda na anahema mbio. Ni nimonia, na huenda ilianzia kwenye kijiko kile.

Kulikusanya tonge na kulisukuma nyuma ni kazi ya gamba la ubongo, tabaka lake la nje, pande zote mbili. Likishafika kooni, shina la ubongo, sehemu ya chini inayoungana na uti wa mgongo, ndilo linaloamrisha: koromeo hupanda, kidakatonge hufunika njia ya hewa, pumzi husita, umio hufunguka. Yote kwa muda wa sekunde moja hivi. Kiharusi cha upande mmoja wa gamba huchelewesha amri hiyo, na maji, kwa wepesi wake, huwahi kuteremka kabla mlango haujafungwa. Wengi wa hawa hupata nafuu baada ya wiki kadhaa, kwa kuwa upande usiodhurika hujifunza kazi. Shina lenyewe likipigwa, mtu anaweza kuwa na mikono yenye nguvu na ashindwe kumeza hata mate.

Hisia za koo nazo hufifia, ndiyo maana mzee hakukohoa. Kinachoteremka mapafuni si maji matupu, bali na vijidudu vya kinywa kisichosafishwa. Kwa hiyo mswaki mara mbili au tatu kwa siku, meno ya bandia yakivuliwa na kuoshwa, ni sehemu ya tiba.

Asipewe kitu mdomoni, hata dawa, kabla muuguzi hajampima. Mgonjwa huketishwa wima akiwa macho kabisa, hupewa maji kijiko kimoja cha chai, huangaliwa kama koromeo limepanda, kisha huambiwa aseme "aaa". Sauti ikitoka na majimaji, au akikohoa, kipimo kinasimama hapo na huenda akalishwa kwa mpira wa puani. Akimeza vyema vijiko vichache, hujaribiwa kwa maji mengi zaidi. Hata hivyo kipimo hiki huwakosa baadhi ya wanaopaliwa kimyakimya, hivyo homa na pumzi ziendelee kuangaliwa.

Akiruhusiwa kula, uji mzito laini kwa kawaida ni salama kuliko chai. Urojo, hata akiulilia, usubiri: mchuzi mwepesi hutangulia huku bajia bado inatafunwa, na koo dhaifu haliwezi mambo mawili. Mlishaji akae usawa wa macho ya mgonjwa, maana mlishaji akisimama, mgonjwa huinua kidevu na njia ya hewa huwa wazi zaidi. Kijiko kidogo, ameze, mdomo utazamwe upande uliolegea kama chakula hakikubaki shavuni, ndipo kingine. Baada ya kula asilazwe kwa nusu saa.