"Samahani" na "pole" kwenye imeili ya mteja mkorofi

"Wakuu, natoa mizigo bandarini Dar. Kuna mteja mkorofi, kontena lake lilishuka tarehe 3, siku za bure zikaisha tarehe 8, yeye nyaraka kaleta tarehe 11, sasa storeji inasoma na anasema ni uzembe wangu. Kweli kuna simu zake mbili sikupokea. Naomba mniangalizie hii kabla sijatuma: 'Habari bosi. Kama nilivyokueleza mara kadhaa, nyaraka zilichelewa. Samahani sana kwa usumbufu wote uliojitokeza. Gharama za storeji zimefika 1,840,000. Mzigo unatarajiwa kutoka Ijumaa ukishalipa. Naomba ushirikiano wako.'"

Mkuu usitume kwanza, na futa anwani yake kwenye ile sehemu ya mpokeaji mpaka umalize, kidole kinateleza.

Kinachonitisha hapo ni hiyo samahani. Najua umeiweka ili kupoza, lakini umeomba radhi kwa usumbufu "wote" halafu sentensi inayofuata ni storeji, sasa mtu mwenye hasira anasoma moja kwa moja kwamba umekiri deni ni lako. Mimi yalinikuta na kontena la vigae, niliandika "tunaomba radhi kwa ucheleweshaji" kwa nia njema kabisa, mteja akapiga skrinshoti, akaikata storeji yote kwenye malipo yetu ya uwakala na kila nikimpigia ananirudishia sentensi yangu. Bosi wangu alikosa la kumjibu, maana maneno ni ya kwetu.

Lugha yetu imeshatupa njia hapa. Pole unampa mtu aliyepatwa na jambo hata kama hukulisababisha, samahani unaomba kwa ulichokosea wewe. Kwa hiyo mpe pole ya mzigo kukaa, na samahani ibaki kwenye zile simu mbili tu, zitaje kabisa. Usiifute kabisa hiyo samahani, kwa sababu simu hukupokea kweli na yeye analijua hilo, ukilinyamazia hata tarehe zako hataziamini.

Halafu "kama nilivyokueleza mara kadhaa", hapo unamgombeza. Na "nyaraka zilichelewa" haisemi nani kazichelewesha, atasema ni wewe uliyezikalia mezani. Weka tarehe zikae zenyewe kwa mpangilio bila neno la kulaumu, tarehe 8 ikikaa juu ya tarehe 11 mtu anajionea. Ila kuwa mkweli, kama kuanzia tarehe 11 kuna siku nyaraka zililala kwako, zihesabu na umwambie bosi wako kabla hujamwandikia mteja, maana hizo atazikuta tu.

Hiyo 1,840,000 nayo haina tarehe. Storeji inaongezeka kila siku, akilipa kesho kutwa akakuta imepanda atasema umemwongezea cha juu. Na "Ijumaa ukishalipa" yeye atashika Ijumaa, hiyo ya kulipa hataiona, atalipa Alhamisi jioni na Ijumaa asubuhi yuko getini na lori. Tenganisha kilicho mikononi mwako na kile cha bandari.

"Naomba ushirikiano wako" itoe, kwa mtu kama huyo maana yake ni kwamba hajashirikiana.

Mimi ningeandika hivi (siku na tarehe weka zako):

"Habari za leo bosi. Pole kwa mzigo kuendelea kukaa bandarini. Samahani kwa simu zako mbili ambazo sikupokea.
Kontena lilishuka tarehe 3. Siku za bure ziliisha tarehe 8. Nyaraka tulizipokea tarehe 11.
Mpaka leo tarehe 16 storeji ni 1,840,000, ankara ya bandari nimeambatanisha. Inaongezeka kila siku mpaka mzigo utoke.
Ukilipa kabla ya Jumatano saa 6 mchana na kunitumia risiti, siku hiyohiyo nitafuatilia kibali cha kutoa mzigo. Usikodi lori mpaka nikutumie nakala ya kibali."

Ukimaliza mpe mwenzako wa ofisini ambaye hajui hiyo kesi, asome mara moja, umnyang'anye simu umuulize: nani anatakiwa afanye nini, lini, na nani kakosea wapi? Akikwama popote au akisema "kwani storeji mnalipa nyie?" rudi urekebishe. Mimi huwa nasoma pia kwa sauti, kwa ile sauti ya mteja akiwa amekasirika, hapo maneno kama "kama ujuavyo" na "tafadhali elewa" yanatoa harufu yote.

Ankara ya bandari usisahau kuiambatanisha kweli, ifungue uhakikishe ni ya kontena lake. Halafu mpigie kabla hujatuma, mwambie inakuja.