Barua ilinipunguzia mwezi mzima kazini

Mwaka jana bodi ya taaluma yetu ilinitaka nithibitishe uzoefu wa miaka 3, yaani miezi 36, kwa barua ya mwajiri. Mkandarasi niliyemfanyia kazi hapa Mtwara alishafunga kambi zamani, ofisi ikahamia Dar, na dada wa utumishi aliyepo sasa hanijui hata kwa sura. Nikamtumia wasapu: habari dada, naomba barua ya kuthibitisha nilifanya kazi kwenu. Basi, hivyo hivyo tu.

Barua ikaja, nilifurahi mpaka nilipoanza kuhesabu. Imeandikwa 1/6/2018 hadi 30/4/2021, ambayo ni miezi 35! Mimi niliripoti 14/5/2018 na siku yangu ya mwisho ni 20/5/2021. Kumbe dada wa watu alichukua tarehe kwenye orodha ya mishahara, na pale mtu akiingia katikati ya mwezi baada ya mishahara kufungwa, siku zake analipwa mwezi unaofuata, na zile siku 20 za mwisho nililipwa pamoja na malipo ya kuachia kazi, kwa hiyo huko kwenye orodha hazionekani. Michango ya NSSF nayo ilianzia Juni, kwa hiyo haikunisaidia.

Mara ya pili nikaandika imeili, nikaambatanisha picha ya mkataba na barua ya kukubaliwa kuacha kazi:

"Shikamoo dada. Naomba barua fupi kwenda kwa bodi, ya kuthibitisha tarehe za ajira tu, siombi kusifiwa utendaji. Jina kama lilivyo kwenye mkataba, namba ya mfanyakazi na cheo nimeweka hapo chini. Kuanza 14/5/2018 (mkataba, ukurasa wa 1), kumaliza 20/5/2021 (barua ya kuacha kazi). Bodi inataka karatasi yenye nembo, saini, cheo cha anayesaini na muhuri. Mwisho wa kuwasilisha ni tarehe 28. Rasimu nimeambatanisha, rekebisha utakavyo."

Hilo neno "tarehe tu" ndilo lililofungua mlango, maana bosi alikuwa anaogopa kusaini sifa za mtu asiyemjua. Na mwajiri anatakiwa kutunza maelezo ya ajira yako miaka 5 baada ya kuondoka, tena sheria ya ajira ya 2004 inamtaka akupe cheti cha utumishi ukiondoka. Mimi sikukidai siku ile, nikawahi basi la Masasi kwenda kwenye mikorosho ya mzee. Ila kwenye meseji ya kwanza usianze na vifungu vya sheria, utaonekana umekuja kugombana.

Baada ya siku 4 barua ikaja kwa basi, nikaifuata stendi usiku. Tarehe zote sawa, ila muhuri umegongwa juu kabisa ya mwaka, 2018 inasomeka kama 2013. Nikaomba tena, safari hii nikaongeza mstari mmoja: muhuri upigwe pembeni ya saini.