Mchumba, bibi au mama: kumpokea mteja aliyekuzidi umri

Swali: "Shikamoo. Nina miaka 24, nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro. Wiki iliyopita aliingia mama wa miaka 60 hivi pamoja na kijana wake, wanatafuta bati. Nikamchangamkia: 'Karibu bibi yangu, mchumba wangu! Leo nakupa bei ya mapenzi.' Akanyamaza, akauliza bei mara moja tu, wakaondoka. Bosi anasema nimemvunjia heshima. Mimi nilitaka ajisikie yuko nyumbani. Nimekosea wapi, na akija mwingine nimpokeeje?"

Jibu: Marahaba. Nianze na hilo neno mchumba, maana ndilo lililoharibu. Kwetu mjukuu na bibi yake wana utani. Mjukuu wa kiume humwita bibi "mke wangu", bibi naye humuuliza mume gani huyu asiyeleta hata kilo ya sukari, nyumba nzima ikacheka. Lakini utani una wenyewe. Bibi huyo alimbeba mgongoni na kumwogesha, na akichoka na utani anaweza kumkemea, na mjukuu akanyamaza. Wewe mama yule ulikuwa humjui hata jina, na ulimtania mbele ya mwanawe. Kukujibu kwa utani hakuweza, kwa kuwa wewe si mjukuu wake. Kukukemea nako kungemfanya aonekane mkali dukani kwa watu. Ndiyo maana alinyamaza. Mtu mzima wa kwetu akikasirika dukani mara nyingi hasemi neno. Anauliza bei moja, hapunguziwi wala haombi kupunguziwa, anaondoka. Ukiona mteja wa umri huo hajadai punguzo kabisa, ujue amekwisha toka moyoni kabla ya kutoka mlangoni.

Neno bibi nalo halikukusaidia. Huenda ana wajukuu, lakini yeye ni bibi kwao. Kwa kijana asiyemjua, mwanamke wa rika la mama yako ni mama, basi, hata kama mvi zimemjaa. Bibi utalitumia kwa aliyezeeka kweli, yule wa kutembea na mkongojo, na hata huyo ukimwita mama hutakuwa umekosea. Kwa wanaume, baba ni salama kuliko mzee. Mzee ni neno la heshima na wengi wanalipenda, ila yupo mwanaume wa miaka 48 mwenye upara ambaye akiitwa mzee na kijana mwenye ndevu anajisikia amesukumwa kaburini. Na mahali pana mambo yake. Ukienda kuuza Zanzibar utasikia mwanamke wa heshima akiitwa Bi pamoja na jina lake, na hilo ni la adabu kabisa. Mkenya naye akisema bibi, mara nyingi anamaanisha mke.

Sasa salamu yenyewe. Wauzaji wengi wanaijua shikamoo, wanachokosea ni namna ya kuitoa. Wengi tumefundishwa kwamba asili yake ni nashika miguu yako. Mtu hashiki miguu huku ameketi, macho kwenye simu. Simama. Ngoja mteja afike kwenye kizingiti au mbele ya kaunta, usimrushie salamu akiwa bado barabarani, kwa sababu hapo inageuka kuwa mbiu ya kuita wateja. Sema shikamoo kwa sauti ya kawaida, kisha unyamaze. Ukimya huo mdogo ndio vijana wengi wanaouruka. Shikamoo haijakamilika mpaka marahaba ije, na anayeitoa marahaba ndiye mwenye haki ya kuendelea: atakuuliza hujambo, utasema sijambo, ndipo umkaribishe. Ukisema "Shikamoo mama karibu sana bati zipo za rangi zote" kwa pumzi moja, umemnyima nafasi yake, na salamu imekuwa tangazo. Mkono usiutangulize. Akiutoa yeye, upokee. Wapo akina mama ambao kwa dini yao hawampi mkono mwanaume asiye ndugu yao, usiwalazimishe kukukatalia.

Kosa jingine hukulitaja, lakini nimeliona mara nyingi mno mteja akija na mwanawe. Muuzaji humsalimia mama vizuri, halafu maelezo yote anampa kijana: vipimo, bei, usafiri. Mama anabaki amesimama kama mzigo ulioletwa. Anza naye na umalizie kwake. Kijana akiuliza, mjibu, kisha rudisha macho kwa mama. Kama nyumba ni ya kijana, mama mwenyewe atasema, "Ongea na huyu, ndiye anayejenga."

Mazungumzo yanayokwenda sawa huwa hivi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo. Karibu."

"Nataka bati."

"Sawa. Ni nyumba mpya au unabadilisha za zamani?"

"Za zamani. Zinavuja."

Hapo chukua vipande viwili vya mfano, kimoja geji 30 na kingine geji 28, umwekee mbele. "Naomba ushike vyote viwili. Hiki cha geji 28 ni kinene zaidi, na bei yake iko juu. Hiki cha 30 ni chepesi." Mwache ashike, avikunje kidogo kwa vidole. Namba hizi tumezizoea sisi wauzaji, yeye huenda hajui kwamba namba ya geji ikipungua unene unaongezeka, na akielezwa bila kudharauliwa atauliza la pili na la tatu. Angalia pia kwamba neno mama limetumika mara moja tu. Likirudiwa kila sentensi, mama hili, mama lile, mteja anaanza kushika pochi yake vizuri, kwa kuwa ameshasikia wengi wakibembeleza hivyo.

Na ile bei ya mapenzi iache kabisa. Ukimwambia mtu "nakupunguzia kwa sababu wewe ni mama yangu", umeweka undugu kwenye mizani, naye ana haki ya kuupima. Atasema, "Kama mimi ni mama yako, toa elfu mbili nyingine kila bati." Utashindwa, kwa kuwa bei si yako ni ya bosi, na hapo undugu wako utaonekana ulikuwa wa mdomoni. Punguzo lipe sababu yake halisi: anachukua bati nyingi, au analipa yote leo.

Lipo eneo gumu, nalo ni mteja wa miaka 38 au 40 hivi. Kwa miaka yako 24, shikamoo inaweza kumfurahisha, inaweza pia kumfanya aone unamzeesha. Mimi kipimo changu ni dada yangu mkubwa. Anayeonekana kuwa rika lake namwambia "Karibu, habari za asubuhi", bila jina lolote, kisha nasikiliza yeye ataniitaje. Akiniita mwanangu, nimejua alipojiweka, namwita mama. Akiniita kaka, namwita dada. Mambo na vipi usianze nazo kwa yeyote kati yao, hata aliyevaa jinzi. Ukishakosea, sema samahani mara moja, endelea na bati. Usieleze kwamba ulimdhania mkubwa kuliko alivyo.

Mama yule akirudi, na huwa wanarudi kama bei yenu ni nzuri, usimkumbushe ya siku ile mbele ya watu. Simama, mpe shikamoo, ngoja marahaba. Ikikawia kidogo, ngoja.